Naombeni msaada: kwenye mzunguko wangu wa mapato kaya zinatumia hela nyingi kuliko zinazopata

sitaB_uchumi
Wakuu habari za saa hizi. Niko kidato cha sita, ticha katupa kazi ya kuchora mzunguko wa mapato wa nchi ya kufikirika, kuna boksi la kaya, la makampuni, la serikali, la nchi za nje, alafu benki pale katikati. Namba katupa mwenyewe, zote bilioni. Makampuni yanalipa kaya 1000, yaani mishahara, pango, riba na faida humo humo. Kaya zinatumia 650, zinaweka akiba 200, zinalipa kodi 150. Uwekezaji 170, matumizi ya serikali 190, tunauza nje 170, tunaagiza kutoka nje 180. Anachotaka ni kimoja tu, kila boksi kinachoingia kilingane na kinachotoka. Sasa mimi nimechora mshale wa 650 toka kaya kwenda makampuni, 200 kwenda benki, 150 serikalini na 180 nje, nikijumlisha napata 1180 na kaya zilipata 1000! Na hata hiyo akiba ni 200 wakati uwekezaji ni 170, hiyo 30 iko wapi? Nimefuta mpaka karatasi imetoboka na kesho kutwa nakusanya.

ngumi_ya_tuisheni
Dogo ticha wako kachapia. Akiba lazima iwe sawa na uwekezaji, hiyo haina mjadala, tulikaririshwa hivyo tangu enzi zetu. Weka 200 kwenye uwekezaji usonge mbele.

vitenge_jumla
30 imeenda wapi?? Njoo dukani kwangu nikuoneshe, watu wameficha hela chini ya magodoro huko, vyuma vimekaza tangu mwezi wa pili, nimeleta marobota mawili ya vitenge mpaka leo moja halijafunguliwa. Halafu mtu anasema eti pesa inazunguka, inazungukia wapi

mama_chaki
Mwanangu sitaB usiguse namba za mwalimu wako, ziko sawa. Una makosa mawili na hayahusiani, tuanze na la 180.

Umeenda dukani umenunua simu ya laki tatu. Muuza duka aliiagiza China kwa laki mbili na nusu. Wewe umetoa shilingi ngapi mfukoni? Laki tatu tu. Ila kwenye mchoro wako umempa muuza duka laki tatu, ukageuka ukawapa na Wachina laki mbili na nusu, simu moja umeilipia laki tano na nusu. Ile 180 imo ndani ya 650 tayari. Kwa hiyo ama mshale wa kwenda makampuni uandike 470 na ule wa nje 180 utoke kaya, ama uache 650 nzima iende makampuni halafu makampuni ndiyo yatoe 180 kwenda nje. Mimi napenda huu wa pili kwa sababu ndivyo hela inavyotembea kweli, ni wachache wanaomlipa mwenye kiwanda cha ng'ambo moja kwa moja. Ndiyo maana pia ile fomula Y = C + I + G + X − M ina ile alama ya kutoa mwishoni, wengi wanadhani uagizaji unapunguza uchumi, kumbe ni kutoa tu kitu ambacho kilishahesabiwa ndani ya C, au hata ndani ya I, G na X.

sitaB_uchumi
Daah asante sana mama, nimejaribu. Kaya sasa 650 + 200 + 150 = 1000. Makampuni yanapokea 650 + 170 + 190 + 170 = 1180, yanatoa 1000 kwa kaya na 180 nje. Imekubali!! Ila serikali inapata 150 na inatumia 190, na hao wa nje tunawapa 180 wanaturudishia 170. Hapo sasa.

mama_chaki
Hilo ndilo kosa la pili, na ndilo la ndugu yetu wa tuisheni. Mnataka akiba ilingane na uwekezaji, kodi ilingane na matumizi ya serikali, uagizaji ulingane na mauzo ya nje, kila mtu na mwenzake kama ndoa. Hakuna aliyesema hivyo. Kinachotakiwa kulingana ni jumla. Inayovuja ni 200 + 150 + 180, hiyo ni 530. Inayomiminwa ndani ni 170 + 190 + 170, nayo 530.

Sasa fuata hela yenyewe. Serikali imepungukiwa 40, inakopa. Benki zilipokea akiba 200 zikakopesha makampuni 170, zimebakiwa na 30, hiyo zinanunulia hatifungani za serikali. Bado 10. Wa nje walituuzia vya 180 wakanunua kwetu vya 170, wana 10 yetu mkononi na hawawezi kuila, wanatukopesha. Chora mishale miwili mipya, mmoja wa 10 toka nje kuja benki, mwingine wa 40 toka benki kwenda serikalini. Benki inaingia 210 inatoka 210. Ukisahau hiyo miwili kazi yote inakwama hapo, nimesahihisha madaftari miaka mingi na wanaokwama wengi wanakwamia hapo hapo.

Kuna Mnyuzilandi mmoja, Bill Phillips, alikuwa injinia kabla ya kuingia uchumi, mwaka 1949 alitengeneza mashine ya mabomba na matangi pale London, mapato yakawa ni maji kabisa. Maji hayadanganyi, ungemimina 1180 kutoka tangi la 1000 lingekauka.

ngumi_ya_tuisheni
Sawa mama nimekubali yaishe. Ila kama hakuna serikali wala nje, mimi niko sahihi.

mama_chaki
Uko sahihi kabisa baba, mchoro wa kaya na makampuni ukiwa na benki tu. Hapa ana maboksi mawili zaidi.

kibarua_wa_ughaibuni
Samahani naingilia, mimi niko Maskati mwaka wa nne natuma hela nyumbani kila mwezi, mimi niko mshale gani humo?

ngumi_ya_tuisheni
Mauzo ya nje, unauza nguvu zako.

mama_chaki
Hapana. Miaka minne wewe kwa hesabu zao ni mkazi wa Oman, unachotuma kinahesabiwa kama zawadi kwa familia, mshale unatoka nje unaingia kaya moja kwa moja bila kupita makampuni. Ungekuwa unaenda miezi michache na kurudi ingeandikwa mshahara kutoka nje. Ila sitaB usimchore, ukimchora 1000 yako itaharibika na hukupewa namba yake.

kibarua_wa_ughaibuni
Zawadi tena? Ile ni ada ya shule ya wadogo zangu.

vitenge_jumla
Mama hujanijibu mimi. Hela ya chini ya godoro je?

mama_chaki
Yako nzuri. Tuseme ile 30 haikufika benki, ililala godoroni. Serikali imekosa wa kuikopesha, inatumia 160 badala ya 190. Bidhaa za 30 zimebaki rafuni. Watu wa takwimu wanakuja wanazihesabu stoo na kuziandika kuwa ni uwekezaji, kwa hiyo uwekezaji unasoma 200, jumla inarudi 530 na karatasi imenyooka vizuri tu. Lakini wewe mwezi ujao utaagiza robota ngapi?

vitenge_jumla
Siagizi hata moja.

mama_chaki
Basi na 1000 haitakuwa 1000 tena. Mchoro hautakuonesha hilo, wenyewe ni picha ya mwezi uliopita.

vitenge_jumla
Subiri kwanza, kwa hiyo hili robota langu lililofungwa hapa ni UWEKEZAJI? Nitampa mwenye fremu namba yako umueleze.