Presha ya mapafu: je, eko pekee inatosha kumwanzishia mgonjwa sildenafili?

Daktari wa hospitali ya wilaya, Rukwa (muuliza): Tumepata mashine ya eko, ile ultrasaundi ya moyo, na mpimaji aliyefundishwa. Naletewa majibu yameandikwa "presha ya mapafu, kali", basi. Kipimo cha kuthibitisha, cha mrija unaoingizwa hadi moyoni, kiko Dar es Salaam, na wagonjwa wangu wengi hawana nauli ya kufika huko. Je, hospitali za wilaya turuhusiwe kuanza sildenafili, vidonge vya kulegeza mishipa ya mapafu, kwa majibu ya eko peke yake?

Mfamasia, Mbeya: Mimi nasema waruhusiwe, tena mapema. Sildenafili tunayo, bei yake si kama ya dawa nyingine za ugonjwa huu ambazo hapa nchini ni shida kuzipata. Mgonjwa anapanda ngazi tatu anakaa chini kutafuta pumzi, miguu imevimba, na eko imesoma 70 wakati kikomo ni 35. Unamwambia asubiri mpaka auze shamba aende Dar? Miongozo hiyo imeandikwa na watu ambao mashine ya mrija iko ghorofa ya pili ya jengo lao. Sisi tutibu kwa tulichonacho.

Mpimaji wa eko, Mwanza: Kaka mfamasia, uchungu wako naujua, wagonjwa hao ndio ninaowapima kutwa. Ila hiyo 70 hakuna aliyeipima. Tunachopima ni kasi ya damu inayovuja kurudi nyuma kwenye valvu ya trikaspidi, kisha mashine inapiga hesabu. Kasi ikiwa mita 4 kwa sekunde, 4v², yaani nne mara kasi mara kasi, inatoa 64. Juu yake tunaongeza makisio ya presha ya chumba cha juu cha kulia, kwa kutazama mshipa mkubwa unaotoka tumboni, kama umetanuka na kama unasinyaa mgonjwa akivuta pumzi. Nikikosea kasi kidogo, kosa linazidishwa lenyewe kwa lenyewe. Mstari wa dopla unaoonyesha kasi hiyo ukiwa na ukungu, mpimaji akafuata ukingo wa nje, presha inapaa. Mwale ukikaa pembeni ya mvujo, presha inashuka kwa uongo. Na valvu ikiwa imeachia wazi kabisa, kasi inaweza kuwa ndogo ilhali mgonjwa yuko taabani.

Hiyo 35 nayo tuiache. Ugonjwa wenyewe unatajwa kwa wastani wa presha ndani ya mshipa wa mapafu, unaopimwa kwa mrija, na tangu 2018 wataalamu wameshusha kikomo chake kutoka 25 hadi zaidi ya 20. Eko haitoi wastani huo. Kwa hiyo miongozo ya Ulaya ya 2022 inaangalia kasi yenyewe: 2.8 kushuka chini, bila dalili nyingine, shaka ni ndogo. Ikizidi 3.4, shaka ni kubwa. Katikati, unatafuta dalili nyingine kwenye picha.

Lakini hata kasi ikiwa sahihi, haijakwambia *kwa nini*. Nitoe mfano. Mama wa miaka 34 alikuja kwetu ametoka hospitali nyingine akiwa na karatasi iliyoandikwa "presha ya mapafu 77" na vidonge vya sildenafili. Kasi nami niliikuta 4.1, hesabu yao ilikuwa sawa. Ila chumba cha juu cha kushoto kilikuwa milimita 54, wakati kwa kawaida hakizidi 40. Valvu ya mitrali imekakamaa, ncha zake zimeshikana, tundu limebaki sentimita 0.9 za mraba badala ya 4 au zaidi. Ni makovu ya homa ya rumatiki ya utotoni. Damu inayotoka mapafuni haipiti mlangoni, inarundikana nyuma, na presha ya mapafu inapanda kwa sababu hiyo. Ukimpa sildenafili unafungua mishipa ya mapafu, damu nyingi zaidi inafika kwenye mlango uleule uliobana. Alikuwa anaamka usiku anakohoa povu. Tulisimamisha vidonge, akapewa dawa ya kutoa maji na ya kupunguza mapigo, akapelekwa kufunguliwa valvu kwa puto. Ugonjwa wake ulikuwa kwenye picha tangu siku ya kwanza, ila karatasi ilikuwa na namba tu.

Mfanyabiashara, Tanga: Samahani wataalamu. Mimi presha yangu huwa 160 kwa 100, natumia amlodipini, na siku hizi pumzi inakata nikibeba mzigo. Ina maana imehamia kwenye mapafu? Nikanunue hiyo dawa mliyoitaja?

Muuguzi wa kliniki ya moyo, Dar es Salaam: Hapana kaka, usinunue. Presha ya mkononi ni ya damu inayokwenda mwilini, na ile ya mapafu ni ya njia nyingine inayotoka upande wa kulia wa moyo. Hazihamiani. Ila hujakosea kuuliza. Presha ya mwili ikikaa juu miaka mingi, moyo wa kushoto unakuwa mzito na mgumu, haulegei kupokea damu, na mrundikano unaishia mapafuni. Hiyo ni sababu ya kawaida kabisa ya kile wanachokijadili hapa, na dawa yake ni kuishusha presha ya mwili ipasavyo. Kukatika pumzi ni jambo jipya kwako, nenda ukaonwe wiki hii.

Mama wa kijana mwenye selimundu, Musoma: Shikamooni madaktari. Mwanangu ana miaka 17. Alipimwa eko akiwa amelazwa kwa maumivu, wakasema kasi ni 2.7, "mwanzo wa presha ya mapafu", akaandikiwa sildenafili. Tangu aanze, maumivu ya mifupa naona yanamrudia haraka. Au ni mawazo yangu?

Daktari wa watoto, Kampala: Marahaba mama. Si mawazo ya kupuuza. Sildenafili ilishajaribiwa kwa wagonjwa wa selimundu waliokuwa na kasi ya 2.7 na kuendelea kwenye eko. Jaribio hilo, la walk-PHaSST huko Marekani na Uingereza, lilisimamishwa 2009 kabla ya muda wake kwa sababu waliopewa dawa walilazwa zaidi kwa maumivu. Mtu mwenye damu pungufu moyo wake unasukuma damu nyingi na kwa kasi, kwa hiyo namba inapanda hata mishipa ya mapafu ikiwa mizima. Akiwa na maumivu au homa inapanda zaidi. Mrudishe kwa daktari wake mapema, mweleze habari ya maumivu, na uulize dawa hiyo inaendelea kwa sababu gani. Eko irudiwe akiwa ametulia, angalau wiki kadhaa baada ya kutoka wodini. Na usilidharau jibu: kwa wagonjwa wa selimundu kasi ya 2.5 na kuendelea ni ishara ya hatari kwa afya yao kwa jumla, hata pale mrija unapoonyesha hakuna presha ya mapafu. Uliza kuhusu hidroksiyurea kama bado hajaanza.

Mfamasia, Mbeya: Nimewaelewa kuhusu valvu na selimundu. Lakini hamjajibu swali la daktari. Mgonjwa ambaye moyo wake wa kushoto ni mzima, je? Huyo naye asubiri?

Mpimaji wa eko, Mwanza: Huyo picha yake ni tofauti, na ndiyo nataka kila mpimaji wa wilaya aijue. Chumba cha juu cha kushoto ni kidogo, valvu zinafunguka vizuri. Chumba cha chini cha kulia kimekuwa kikubwa kuliko cha kushoto. Ukuta wa katikati umesukumwa, na chumba cha kushoto ambacho kingekuwa duara kinaonekana kama herufi D. Halafu weka dopla kwenye mlango wa kutokea kwenda mapafuni. Damu inapaswa kufika kileleni taratibu. Ikifika chini ya milisekunde 105 ni dalili, na mstari ukiwa na mbonyeo katikati, kama umekatwa, mara nyingi mishipa ya mapafu yenyewe ndiyo imekaza. Dalili hii inasaidia hata pale trikaspidi haivuji, maana kutovuja hakumaanishi presha ni nzuri. TAPSE, yaani umbali ambao ukingo wa valvu ya trikaspidi unasogea moyo ukibana, ikishuka chini ya milimita 17, upande wa kulia umeanza kuchoka.

Ukiona hayo, bado unauliza sababu. Mapafu yaliyoharibiwa na kifua kikuu? VVU? Tundu la moyo la kuzaliwa nalo? Huku kwetu kando ya Ziwa Victoria simwachi mtu bila kutazama ini na bandama, kwa ajili ya kichocho cha matumbo.

Daktari wa moyo, Nairobi: Naongeza moja inayosahaulika: mabonge ya damu ya zamani yaliyoganda kwenye mishipa ya mapafu. Eko yake inafanana kabisa na hiyo aliyoieleza dada. Huyu anahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda, na wengine wanapona kwa upasuaji. Ukimwanzishia sildenafili akapata nafuu kidogo, hakuna atakayemtafuta bonge tena.

Ila hapa natofautiana na wenzangu kidogo. Kuna wagonjwa ambao ningewaanzishia bila mrija. Kijana mwenye tundu kubwa, vidole vimevimba ncha, midomo ya bluu, na eko inaonyesha damu inapita kutoka kulia kwenda kushoto: tundu hilo limeshapita wakati wa kuzibwa, na safari ya Dar haitabadilisha uamuzi wangu kuhusu kidonge. Kumnyima kwa sababu ya karatasi ya mrija ni ukatili.

Mpimaji wa eko, Mwanza: Kwa huyo nakubali, kama aliyepima ana uhakika na mwelekeo wa damu. Nimeona matundu yanayopitisha kushoto kwenda kulia yakiandikwa kinyume. Mtoto aliyekuwa bado anaweza kuzibwa anapewa vidonge, dirisha lake linapita.

Daktari wa hospitali ya wilaya, Rukwa (muuliza): Basi nianze na kilicho mikononi mwangu. Kuanzia Jumatatu sitapokea majibu yenye namba tu. Nataka kasi yenyewe, ukubwa wa chumba cha juu cha kushoto, hali ya mitrali, umbo la ukuta wa katikati, na muda wa damu kufika kileleni. Upande wa kushoto ukiwa na ugonjwa, hakuna sildenafili. Ukiwa mzima, picha za video zinatumwa kwa daktari wa moyo kabla sijaandika dawa. Je, uamuzi wa kwa simu unatosha?

Daktari wa moyo, Nairobi: Kwangu unatosha, picha zikiwa safi na mgonjwa akirudi baada ya mwezi kupimwa tena.

Mpimaji wa eko, Mwanza: Kwangu bado. Jaribio la SIOVAC la Hispania liliwapa sildenafili watu waliokwisha kutengenezewa valvu lakini presha ya mapafu ikabaki, na hali zao zikawa mbaya kuliko za waliopewa kidonge kisicho na dawa. Hao walichaguliwa na mabingwa kwa kipimo cha mrija. Picha ya simu itatuokoa na kosa gani lililowapita wao?

Mfamasia, Mbeya: Dada, hao wote walikuwa na ugonjwa wa upande wa kushoto. Mgonjwa ninayemuulizia upande wake wa kushoto ni mzima, na mrija bado uko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka kwake.