Rolle imenipa sifuri: f(0) na f(1) hazilingani, sasa naitumiaje?

Mtoto wa Mbagala
Habarini wakuu. Nipo mwaka wa kwanza chuo hapa Dar, wiki ijayo nina sapu. Swali lililoniangusha: thibitisha kwa Rolle kwamba x³ − 3x + 1 = 0 ina mzizi mmoja tu kati ya 0 na 1. Nikaweka 0 nikapata 1, nikaweka 1 nikapata −1. Rolle inataka ncha mbili zitoe thamani moja, hizi hazitoi. Nikaandika "Rolle haifai hapa", nikala sifuri. Halafu mteremko, 3x² − 3, unakuwa 0 pale x = 1. Hiyo nayo haiharibu?

Kaka Tozo
Dogo, mteremko usipogusa sifuri katikati, mzizi ni mmoja. Kalale.

Mwalimu Chogo
Tozo, hiyo ni nusu. Mteremko wa e^x haugusi sifuri popote, na mzizi haina hata mmoja. Mteremko unakuhakikishia tu kwamba mizizi haizidi mmoja.

Dogo, kwamba mzizi upo umeshaonyesha bila kujua: umetoka 1 ukafika −1, na mchoro wa polinomia haukatiki, lazima umevuka sifuri njiani. Kosa lako ni kudhani ncha za Rolle ni 0 na 1. Ncha unazitengeneza mwenyewe kwa kubisha. Sema ipo mizizi miwili, a na b, yote humo ndani, a ikiwa ndogo. Basi f(a) = 0 na f(b) = 0, zimelingana. Rolle inakupa c iliyo katikati yao yenye mteremko 0. Lakini 3c² − 3 = 0 inatoa 1 au −1 tu, na c iliyobanwa kati ya a na b haiwezi kufika 1. Ubishi umekufa, mzizi ni mmoja.

Mama Wawili
Kikokotoo cha mwanangu kimetoa 0.347, 1.532 na −1.879. Mizizi mitatu hiyo, mnamdanganya mtoto.

Mwalimu Chogo
Dada, swali limefunga mlango kwenye 0 na 1, humo imo 0.347 peke yake. Ila umenifurahisha: tazama kati ya 0.347 na 1.532 kuna nini. Kuna ile 1 iliyomtisha dogo! Na −1 iko kati ya −1.879 na 0.347. Ndiyo hizo c za Rolle.

Mtoto wa Mbagala
Aisee, kumbe. Shikamoo mwalimu. Na x + sin x = 1? Mteremko 1 + cos x unagusa sifuri kwenye π, na hapa sijapewa mipaka.

Kaka Tozo
Unagusa? Basi mizizi ni mingi.

Mwalimu Chogo
Marahaba. Usimsikilize huyo, x³ nayo mteremko wake unagusa sifuri na mzizi ni mmoja. Anza na hili: sin x haitoki nje ya −1 na 1, sasa x inaweza kukaa wapi? Nashuka Ubungo, andika ulichopata.