Ujumbe wa kukumbusha deni umenikosanisha na mteja mzuri, niupangeje upya?

Fundi_Ankara: Habari wakuu. Ankara zangu ni za siku 30. Zikipitiliza, mfumo hutuma ujumbe wenyewe siku ya 1, ya 3 na ya 7. Ule wa siku ya 3 unasema "tutachukua hatua za kisheria bila taarifa nyingine". Mteja wangu wa miaka mingi kalipa Ijumaa jioni, siku ya mwisho yenyewe. Usiku wa kuamkia Jumamosi, saa sita na dakika moja, kapata ujumbe wa kwanza, usiku wa kuamkia Jumatatu ule wa vitisho. Hela ikaingia kwangu Jumatatu mchana. Nipunguze ukali?

Simba_Mkavu: Usilegeze, watakuzoea. Mimi natuma kila siku, na nakala kwa bosi wake. Wanalipa.

Mama_Leja: Ndugu Simba, kutolegeza ni sawa, ila hiyo nakala itakuponza. Nchi nyingi zinakataza kumtangazia mtu mwingine deni la mlaji, na ujumbe wa kila siku unaweza kuhesabiwa usumbufu.

Fundi, ukali si tatizo lako kubwa. Mfumo wako unasoma kalenda tu, hausomi benki. Pakia taarifa ya benki kwanza, ulinganishe malipo na ankara, ndipo ujumbe utoke. Wa kwanza uende siku ya 3 ya kazi, saa nne asubuhi kwa saa za mteja. Hela ya Ijumaa itakuwa imeshaonekana. Uandike hivi:

"Ankara namba 218 ilipaswa kulipwa tarehe 14. Hatujaona malipo hadi leo asubuhi. Tafadhali lipa kufikia tarehe 24. Kama umeshalipa au kuna hitilafu, jibu ujumbe huu."

Huo ni mkali vya kutosha: una namba, tarehe na ombi. Mambo ya sheria yasitoke kwenye mashine. Ukitishia kitu ambacho hujaamua kukifanya, kwingine ni kosa, na kila mahali mteja akishajua hutendi, neno lako limekwisha. Aamue mtu, aandike barua mwenyewe.

Mdaiwa_Sugu: Mimi je? Niliandika kuwa mzigo ulikuja pungufu, nikajibiwa "anwani hii haipokei majibu". Wiki ikapita, wakanidai tena na faini juu. Nisilipe?

Mama_Leja: Lipa sehemu usiyoipinga, na pingamizi lako liwe kwa maandishi. Faini waonyeshe iko wapi kwenye mkataba. (Fundi, umeona? Jibu lolote la mteja lisimamishe ujumbe wa ankara hiyo mpaka mtu alisome.)

Fundi_Ankara: Asante mama. Nimeondoa siku ya 1 na lile neno la sheria. Na anayelipa nusu kimyakimya, bila kujibu chochote?

Simba_Mkavu: Huyo ndiye wa kila siku 😀

Mama_Leja: Huyo mpigie simu. Mimi mwenyewe sijapata maneno ya mashine yanayomfaa.