Tupeane uzoefu: mwanachama kalefti kwa tangazo la hasira, admini unafanyaje?

Katibu Mpya: Wakuu, habari za jioni. Mimi ni katibu wa kikoba chetu cha mtaani, tuko 27, na uadmini nimeupata mwezi wa pili tu. Leo mchana mwenzetu mmoja kaandika kurasa nzima kwenye kundi: kwamba kikoba ni cha watu watatu, faini wanapigwa maskini, "nawaachia kundi lenu, Mungu anawaona", halafu akalefti. Sasa kundi linawaka. Wengine wananitaka nifute ule ujumbe, wengine wanasema nimrudishe, na mweka hazina anaandika majibu marefu kama hukumu. Waliopitia haya, mlifanyaje?

Mzee wa Gongo la Mboto: Funga kundi kwanza. Weka maadmini tu ndio wanaoandika, watu wakalale. Mengine kesho.

Stika Moja: Mimi nilishajifunza, mtu akilefti kwa maneno mengi usimpigie, ndani ya siku tatu anaomba linki mwenyewe 😂

Daftari la Bluu: Katibu, umenikumbusha mbali. Mimi nilikuwa katibu wa kikoba miaka minne, na kosa langu kubwa nililifanya siku kama hii yako, kwa hiyo soma kabla hujagusa kitu.

Kwetu aliyeondoka alikuwa kaka mmoja fundi seremala. Aliandika kwamba kapigwa faini ya kuchelewa 2,000 wakati kuna mtu alichelewa zaidi yake na hakuguswa, na kwamba mfuko wa jamii unaliwa. Akamaliza kwa kutuaga, akatoka. Mimi kwa haraka nikafuta ule ujumbe nikidhani naokoa kundi. Kumbe WhatsApp ikishafuta ujumbe kwa mkono wa admini inaacha alama, na alama inataja admini aliyefuta. Basi pale palipokuwa na maneno yake pakabaki jina langu. Watu watano walikuwa wameshapiga skrinshoti. Kabla ya magharibi stori haikuwa tena faini, ilikuwa "katibu kafuta ushahidi". Hata waliokuwa hawamwamini yule kaka wakaanza kujiuliza tunaficha nini.

Halafu likaja la pili, la mkopo. Wadhamini wake wawili wakanipigia wakilia. Wao waliona mtu katoka kwenye kundi, kwa hiyo kakimbia na deni. Nikachukua daftari nikapiga hesabu. Hisa yetu ilikuwa 5,000. Yeye alikuwa na hisa 96, yaani 480,000. Mkopo aliochukua alikuwa amelipa zaidi ya nusu, na kilichobaki pamoja na riba kilikuwa 430,000. Hata angepotea kabisa siku ile, hisa zake zingefuta deni na bado kikoba kingedaiwa kumpa 50,000. Niliwaambia wadhamini tu, faraghani. Joto likashuka kwa nusu, kwa sababu nusu ya kelele kwenye kundi ilikuwa ya watu wanaogopa fedha zao, haikuwa ya watu waliokasirishwa na maneno.

La tatu ndilo lililoniaibisha. Nilipofungua ukurasa wa faini wa siku ile nikakuta waliochelewa walikuwa watatu na waliotozwa ni wawili. Wa tatu alikuwa shoga yake mweka hazina. Fundi alikuwa sahihi kwenye faini. Kwenye mfuko wa jamii alikosea, fedha zilikuwa kamili, ila kwenye faini alikuwa sahihi na mimi nilishamfutia ujumbe.

Tulimfuata nyumbani Jumapili, mimi na mwenyekiti, na daftari mkononi. Hatukumwomba arudi kwenye kundi. Tulimwonyesha mstari wa faini, tukamwambia yule wa tatu atatozwa, na tukamwonyesha ukurasa wa jamii. Alikaa kimya muda, akaagiza soda.

Mzee wa Gongo la Mboto: Soda ya nani, yeye au nyie?

Daftari la Bluu: Yeye babu. Ya moto kabisa.

Mwanasheria wa Kijiweni: Dada Daftari umeeleza vizuri ila mtu akijitoa amejitoa. Kikoba kilishasajiliwa kina katiba. Ameandika mbele ya watu 27 kwamba anaondoka, hiyo ni barua ya kujitoa. Mpigieni hesabu, mpeni chake, kwisha habari.

Daftari la Bluu: Hapana kaka. Kutoka WhatsApp si kutoka kikoba. Soma katiba za vikoba vingi, kujitoa ni kwa maandishi kwa viongozi, na fedha zinatoka mwisho wa mzunguko au baada ya muda uliowekwa. Ukimhesabu ametoka kwa sababu ya ujumbe wa hasira, kesho akija kwenye kikao na 5,000 yake utamzuia kwa kifungu kipi?

Mwanasheria wa Kijiweni: Kwa kifungu cha adabu.

Mama Nyanya: 😂😂😂

Fundi Simu Kariakoo: Mbona mnahangaika, siku hizi mtu akilefti haonekani. Tangu 2022 WhatsApp imeondoa lile tangazo la fulani ametoka, wanaona maadmini peke yao. Angenyamaza tu akatoka, nani angejua?

Stika Moja: Ndiyo maana anaandika sasa! Zamani kulefti kwenyewe kulikuwa tangazo. Sasa usipoaga hakuna anayejua umenuna.

Daftari la Bluu: Na si kweli kwamba haonekani kabisa. Mwanachama yeyote akienda kwenye taarifa za kundi anaweza kuona waliotoka ndani ya siku 60.

Fundi Simu Kariakoo: Sawa, hilo la siku 60 nilisahau. Lakini Katibu, badilisha linki ya kundi. Kama ile ya zamani ipo kwake, anaingia na laini nyingine anasoma mnavyomsema. Nimemrekebishia simu mtu ana laini tatu na zote zipo kundi moja.

Mama Nyanya: Samahani, mimi nauliza, hivi nikitaka kutoka kundi la ukoo wa mume wangu bila wifi zangu kujua inawezekana? Kuna michango kila wiki.

Stika Moja: Mama Nyanya weka kwenye akaivu, zima sauti, ishi kwa amani. Wifi mmoja hakosi kuwa admini.

BintiPangani: Nyie mnaongelea 2,000 ya faini. Ngoja niwape ya kamati ya harusi ya kaka yangu. Kundi lina watu 140, pande zote mbili. Shangazi yetu aliwekwa kwenye chakula, wakamtoa bila kumwambia, akaona tu jina la mtu mwingine kwenye bajeti. Akatuma ujumbe wa sauti wa dakika sita. Dakika nne za kwanza ni pilau. Dakika ya tano akasema, "na kabla sijaondoka, bwana harusi awaambie wakwe zake yule mtoto wa Tanga ni wa nani." Akalefti.

Mama Nyanya: WEEE

Mzee wa Gongo la Mboto: Subhanallah.

Mwanasheria wa Kijiweni: Mtoto wa nani??

BintiPangani: Admini alikuwa binamu yangu. Aliganda. Baada ya dakika ishirini akatuma, "Ndugu wajumbe, tunaendelea na ahadi, tarehe ya mwisho ni ijumaa." Kama vile hakuna kilichosemwa! Upande wa bibi harusi wakaanza kutoka mmoja mmoja kimyakimya, hakuna aliyeaga. Hiyo ndiyo iliyotutisha.

Fundi Simu Kariakoo: Huo ndio ujumbe wa kufuta! Hapo Daftari la Bluu usiniambie tusifute.

Daftari la Bluu: Hapo ningefuta, ndiyo. Mtoto hana kosa, na jambo la nyumba ya mtu si hoja ya kamati. Ya fedha za kundi ndiyo nasema iache, kwa sababu wote wana haki nayo na jibu lake liko kwenye daftari.

Mwanasheria wa Kijiweni: Ukifuta la harusi ukaacha la kikoba utaitwa mbaguzi.

Daftari la Bluu: Basi na niitwe.

Mama Nyanya: BintiPangani harusi ilifungwa?

Niliyelefti: Nimesoma kimya kimya, acha niseme upande wangu. Mimi ni kama yule mnayemwongelea, ila si wa kikoba hicho, ni wa kundi letu la tuliosoma wote. Nilitoka kwa maneno makali, usiku, nikiwa na njaa na msiba. Tulifiwa na mama, na lile kundi lililochanga kwa wengine lilitoa rambirambi baada ya siku tisa. Nikaandika nikatoka. Asubuhi niliona aibu, nikataka kuufuta. Haifutiki kwa wote ukishatoka, unaufuta kwenye simu yako tu. Nilikaa naangalia maneno yangu mwenyewe bila uwezo.

Mnachojadili, kurudisha au kutorudisha, mimi sikukingoja. Nilingoja simu. Walipiga watu wawili kati ya tisini, na hakuna aliyekuwa admini. Admini aliniingiza tena kwenye kundi saa mbili asubuhi bila neno, watu wakaanza kutuma stika za kucheka kuujibu ujumbe wangu. Nikatoka mara ya pili, safari hii bila kuaga, na sijarudi.

Mzee wa Gongo la Mboto: Pole sana mwanangu.

Stika Moja: Pole. Lile la siku tatu nalifuta.

Fundi Simu Kariakoo: Pole ndugu. Lakini na admini naye ni mtu. Kwetu admini ndiye aliyelefti kwa hasira, na alikuwa peke yake. WhatsApp ikachagua admini mpya yenyewe, ikamwangukia babu mmoja ambaye hajawahi kuandika neno. Miezi miwili kundi likawa halina wa kumwingiza mtu.

Katibu Mpya: Nashukuru nyote. Nilichofanya hadi sasa: sijafuta. Nimefunga kundi hadi Jumapili na nimeandika hivi tu: "Hoja ya faini imepokelewa, itajibiwa kwa daftari kwenye kikao cha Jumapili saa kumi. Ndugu yetu bado ni mwanachama." Mweka hazina kaninunia, anasema nimemkubalia mtu aliyemtukana. Nimemwomba daftari la faini, kaniambia lipo kwa dada yake Kibaha.

Daftari la Bluu: Lipo wapi?

Katibu Mpya: Kibaha.

Daftari la Bluu: Mpigie yule aliyelefti leo, usingoje Jumapili. Na kesho nenda Kibaha na mwenyekiti.

Katibu Mpya: Nimempigia mara mbili, inaita haipokelewi. Nimemtumia ujumbe wa kawaida, si WhatsApp. Sasa hivi kajibu: "Ukija njoo na ukurasa wa mwezi wa tatu."

Mama Nyanya: BintiPangani???

BintiPangani: Ilifungwa. Shangazi ndiye aliyepika.