Mahindi matupu au mahindi na mbaazi? Nina eka mbili Babati

Mkulima_Gallapo: Wakuu, miaka yote nalima mahindi matupu. Napalilia kwa ng'ombe mara moja, magugu yakirudi napiga dawa. Jirani anachanganya na mbaazi. Ukiangalia ukame, wadudu na gharama za vibarua, kipi afadhali?

MamaShamba: Nimelima vyote, kaka. Mvua ikiwa nzuri, eka ya mahindi matupu hunipa gunia 14. Nikichanganya, mahindi hushuka hadi 12 lakini napata na mbaazi gunia 3. Mbaazi peke yake hunipa 5 kwa eka. Kwa hiyo, kupata hizo 12 na 3 kwenye mashamba tofauti kungehitaji karibu eka moja na nusu. Mbaazi hukua polepole mwanzoni, haigombani sana na mahindi. Mvua ikikatika mahindi yakiwa yanachanua, hayo yameumia, ila mbaazi mizizi yake imeshazama na itabeba hata baadaye.

Juma_Mbolea: Tena mbaazi inayalisha mahindi hapo hapo. Mimi nimeacha kabisa kuweka mbolea ya kukuzia.

MamaShamba: Hapo hapana, Juma. Ng'oa mche, pasua vifundo vya mizizini. Vikiwa vyekundu ndani, vinafanya kazi ya kutengeneza chakula, lakini chakula hicho kwanza ni cha mbaazi yenyewe. Udongo hupata zaidi majani yakipukutika, na wakati huo mahindi yameshavunwa. Atakayefaidi ni mahindi ya msimu ujao.

Kihamba_Rombo: Kwetu tunachanganya migomba na kahawa tangu enzi za mababu, kivuli tu ndicho kinasumbua. Punguza majani ya migomba.

Dawa_na_Mbegu: Mzee wa Rombo, yeye anauliza ya mahindi. Kaka, viwavijeshi vamizi watakuja hata ukichanganya. Kagua moyo wa mhindi. Ukiona kinyesi kama unga wa mbao, yumo. Mbaazi nayo ina funza wake wa vitumba, anaacha tundu la mviringo. Kagua tangu maua yaanze, na ukilazimika kupiga dawa, piga jioni nyuki wameondoka. Kubwa kwako ni palizi: dawa ya magugu ya majani mapana itaua na mbaazi. Ng'ombe watapita palizi ya kwanza mistari ikinyooka, ya pili ni jembe la mkono.

Mkulima_Gallapo: Basi hesabu ya vibarua inabadilika. Na bei je? 2017 India ilipobana uagizaji, watu huku walikaa na mbaazi zao ndani.

MamaShamba: Kweli, ndiyo maana sipandi mbaazi tupu. Bei ikianguka, bado nina mahindi.

Mkulima_Gallapo: Nitaanza na eka moja. Ila huku mahindi yakishavunwa mifugo inaachiwa mashambani, na mbaazi bado imesimama. Mnazilindaje?

Jirani_Magugu: Kitongoji chetu tulikubaliana mifugo isubiri hadi mbaazi zivunwe. Mwaka wa kwanza watu waliheshimu, uliofuata ng'ombe waliingia usiku. Sasa kila mtu analala shambani kwake.