Viatu vya skuli: nambari 31, 32 au 33 kwa mtoto wa miaka saba?

Mama wa Chake
Assalaam alaykum. Binti yangu ana miaka saba na Januari anaingia darasa la pili. Duka ninalonunua hapa Chake Chake lina aina moja ya viatu vyeusi vya ngozi vyenye mkanda juu, katika nambari 31, 32 na 33. Nilimpima mguu akiwa amekaa kitandani, nikatumia futi ya fundi cherehani kuufuata wayo kutoka kisiginoni hadi kidole gumba, nikapata sentimita 19.2. Muuzaji ananishauri nichukue 33 ili avae miaka miwili, mume wangu anataka 31 kwa sababu ndiyo inayomkaa vizuri, na mimi nimesimama katikati. Naomba ulinganisho kutoka kwa wanaojua.

Bibi wa Mkoani
Wa alaykum salaam, mwanangu. Mimi nimevalisha watoto wanane na wajukuu. Mtie mguu kiatuni, usukume mbele mpaka vidole viguse, kisha utie kidole chako nyuma ya kisigino. Kikipita bila ya kubanwa, kiatu kinafaa. Ukichukua 33, tia pamba mbele na mwakani uitoe. Hizo hesabu za sentimita ni za mafundi.

Fundi wa Darajani
Bibi, shikamoo. Kipimo chako cha kidole kina ukweli, kwani upana wa kidole cha mtu mzima unakaribia sentimita moja na kitu, na hiyo ndiyo nafasi tunayoitafuta. Tatizo ni mtoto mwenyewe. Ukimsukuma mguu au ukimbonyeza juu ya kiatu, hukunja vidole bila ya kujua, na kiatu kifupi kikaonekana kinatosha. Nimerudishiwa viatu vingi kwa sababu hiyo.

Dada yangu, kipimo chako cha 19.2 usikitegemee. Mguu ukibeba uzito hurefuka, na futi inayofuata mkunjo wa wayo haipimi urefu ule ambao kiatu kinaujua. Mpime tena alasiri, kwa kuwa mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, akiwa amevaa soksi za skuli. Weka karatasi sakafuni, ukingo wake uguse ukuta, asimame kwa miguu yote miwili na kisigino kikiwa ukutani, uzito ukiwa sawa pande zote. Simamisha kitabu mbele ya kidole kilicho kirefu zaidi, ambacho kwa baadhi ya watoto si gumba bali cha pili, kisha piga mstari. Fanya hivyo kwa miguu yote miwili, kwani mara nyingi haifanani, na unafuata ule mkubwa.

Mkaazi wa Fuoni
Samahani kwa kuingilia. Mwanangu wa kiume ana tatizo hilohilo, kwani kila kiatu kinambana pembeni, basi nimekuwa nikimpandishia nambari hadi mbili. Je, 33 si jawabu kwake pia?

Fundi wa Darajani
Ndugu yangu, hilo ni suala la upana, na la binti wa Mama wa Chake ni la urefu. Watoto wetu wengi wanashinda na kandambili au pekupeku, vidole vikatawanyika. Ukimpandishia nambari, kiatu huongezeka upana kidogo tu lakini urefu unazidi, na mguu unaanza kutembea ndani. Chora mguu wake kwenye karatasi akiwa amesimama, kisha toa soli ya ndani ya kiatu, kama inatoka, uiweke juu ya mchoro. Ikiwa mchoro unatokeza pembeni, tafuta muundo mwengine wenye mbele ya duara, si nambari nyengine.

Mama wa Chake
Nimempima jana baada ya alasiri. Wa kushoto ni 19.4 na wa kulia ni 19.7. Sikutarajia tofauti ya nusu sentimita na kipimo changu cha kwanza.

Fundi wa Darajani
Basi tufanye hesabu ya mguu wa kulia. Nambari za mtindo wa Ulaya zinapanda kwa theluthi mbili za sentimita, kwa hiyo kiatu cha 31 kingekuwa na urefu wa sentimita 20.7 hivi, cha 32 kina 21.3 na cha 33 kina 22. Tunataka nafasi ya sentimita 1.2 mbele ya vidole: sehemu moja ni ya mguu kusogea mbele unapotembea, na nyengine ni ya kukua. Ungesema 31 inakaribia kutosha. Lakini hii ni hesabu ya karatasini, na kila kiwanda kina kalibu zake, hivyo usinunue kwa kuitegemea nambari peke yake.

Kata kipande kirefu cha karatasi ngumu ya boksi, chenye upana wa vidole viwili. Kisiwe chembamba zaidi ya hapo, kwa sababu kitapenya hadi kwenye ncha ya kiatu ambako vidole havifiki, na kitakudanganya. Kiingize kiatuni hadi kigonge mbele, weka alama pale penye ukuta wa kisigino, ukitoe na upime.

Mama wa Chake
Nimetoka dukani sasa hivi. Kiatu cha 31 kina sentimita 20.2 ndani, cha 32 kina 20.9, na cha 33 kina 21.6. Kumbe 31 ingemwachia nusu sentimita tu!

Fundi wa Darajani
Na 32 inamwachia 1.2 kamili. Sasa akivae, afunge mkanda, atembee, apande na kushuka ngazi. Kisigino kikinyanyuka kidogo si neno. Kikitoka kabisa, au akianza kuburura miguu, kiatu hakimshiki. Mkanda ndio unaoushika mguu nyuma, si pamba. Pamba hujaa mbele na kusukuma vidole, huku kisigino kikiendelea kucheza na kutoa malengelenge. Hapo ndipo penye shaka yangu na 33: ina nafasi ya karibu sentimita 2, mguu utateleza mbele na vidole vitagonga hata hivyo.

Bibi wa Mkoani
Lakini mwanangu, 32 itadumu muda gani? Viatu havinunuliwi kila Idi.

Fundi wa Darajani
Kwa umri wake, mguu hukua takribani milimita moja kwa mwezi, na si kila mtoto. Akianza Januari na nafasi ya milimita 12, atabakiwa na nusu sentimita kama ifikapo Julai au Agosti. Sikufichi kwamba mwaka mzima haufiki kwa raha. Mpime kila baada ya miezi mitatu, kwani mtoto halalamiki hadi aumie.

Mama wa Chake
Kwa hiyo nichague kati ya pea mbili za 32 kwa mwaka, au moja ya 33 anayojikwaa nayo miezi ya mwanzo. Baba yake amekubali 32. Mamangu bado anasema 33.

Bibi wa Mkoani
Na mimi bado nasema 33, ila pamba nimeiacha. Mtie soli ya ndani ya ziada, mwakani itolewe.

Fundi wa Darajani
Soli ya ziada ni afadhali kuliko pamba, Bibi, lakini inaupandisha mguu juu. Kabla ya kulipa, angalieni kama mkanda bado unafika kufunga, na kama kisigino hakichungulii nje ya ukingo wa nyuma.