Hotspoti ya simu kwa laptopu: GHz 2.4 au GHz 5?

DadaKikoni (Kampala)

Habari zenu ndugu. Nakaa hosteli Kikoni, karibu na Makerere. Simu yangu ni Android ya 4G, laptopu ni ya mtumba, Windows 10. Kwenye mipangilio ya hotspoti kuna sehemu ya `AP Band` yenye machaguo mawili, `2.4 GHz Band` na `5.0 GHz Band`. Sasa hivi iko kwenye 2.4.

Nikipima spidi kwenye simu yenyewe napata Mbps 20 mpaka 22. Laptopu, ambayo iko juu ya meza hiyohiyo, inapata 4 au 5. Jioni ndiyo mbaya kabisa, darasa la Zoom linakatikakatika sauti mpaka natoka. Nihamie 5, au shida iko kwingine? Data tunainunua ghali, na tangu Julai 2021 ina kodi ya asilimia 12 juu yake, sitaki kuichoma kwa majaribio ya kubahatisha.

Nalubaale_J (Jinja)

Dada, hiyo ya 5 ni ya wenye simu za 5G. Kama laini yako ni ya 4G haitakusaidia, baki na 2.4.

FundiArua

Hapana ndugu yangu wa Jinja, hivyo ni vitu viwili tofauti. 5G ni mtandao kati ya simu na mnara. GHz 5 ni masafa ya Waifai kati ya simu na laptopu. Simu ya 4G inaweza kabisa kurusha hotspoti ya GHz 5, na kama chaguo hilo linaonekana kwenye `AP Band` yake basi inaliweza.

DadaKikoni, njia yako ina vipande viwili: mnara mpaka simu, halafu simu mpaka laptopu. Kipande cha kwanza umeshakipima, ni Mbps 22. Sasa pima cha pili peke yake. Hakigusi bando hata kidogo, kwa sababu hakitoki nje ya chumba chako. Fungua Command Prompt kwenye laptopu, andika:

```
ipconfig
```

Kwenye sehemu ya Waifai tafuta `Default Gateway`. Namba hiyo ndiyo simu yako. Kisha andika hivi, ukiweka namba yako mahali pa hii yangu:

```
ping -n 30 192.168.43.1
```

Hapo laptopu inaiita simu mara 30 na kuhesabu majibu yamechukua muda gani. Hewa ikiwa safi, mengi yatarudi ndani ya milisekunde chache tu. Ukiona namba zinaruka kutoka 4 kwenda 200 kwenda 350, na mengine yanapotea kabisa, basi tatizo ni Waifai na mnara hauhusiki. Kama majibu yametulia na Zoom bado inakatika, usihangaike na masafa, tatizo liko kwa mnara.

Baada ya hapo andika:

```
netsh wlan show interfaces
```

Angalia mistari mitatu tu: `Channel`, `Receive rate (Mbps)` na `Signal`. Chaneli 1 mpaka 13 ni GHz 2.4, na 36 kwenda juu ni GHz 5. Rudi na majibu ya jioni, maana asubuhi wenzako wako darasani na hewa iko tupu.

Kijana_wa_Ntinda

Mimi nilihamia 5 nikarudi 2.4 mwenyewe. 5 inakula bando. Bando la wiki lilikuwa linaisha katikati ya wiki. Fikirieni hilo kabla ya kumshauri.

MwalimuKisoro

Na mimi nitoe ya kwangu. Nyumba yetu iko bondeni, mtandao unashika dirishani tu, upande unaotazama mnara. Simu inakaa pale dirishani, nami nafanya kazi chumba cha ndani, kuta mbili za matofali ya kuchoma katikati. Kwenye GHz 5 laptopu ilikuwa inaonyesha `Signal` ya asilimia 28 na inajikata yenyewe. Kwenye 2.4 ni asilimia 61, na haijakatika. Majirani wenye Waifai sina. Kwa hiyo mimi nasema 2.4, hata kama watu wanasifu 5.

DadaKikoni (Kampala)

Asanteni. Nimepima saa mbili usiku, simu na laptopu mezani, mkono mmoja kati yake.

Kwenye 2.4: `Channel` 6, `Signal` asilimia 96. `Receive rate` ilianza 72, ikashuka mpaka 19, ikapanda tena. Ping kwenda kwenye simu: ya chini kabisa milisekunde 3, ya juu 384, na majibu 4 kati ya 30 yamepotea.

Kwenye 5: `Channel` 149, `Signal` asilimia 93, `Receive rate` 433. Ping: chini 2, juu 9, hakuna jibu lililopotea. Nikapima intaneti mara moja tu, laptopu imepata Mbps 20.

Swali langu: kwenye 2.4 asilimia 96 si ni karibu kamili? Inakuwaje ishara kali hivyo iwe mbovu hivyo?

FundiArua

Swali hilo ndilo kiini cha mada yote, dada. `Signal` inakuambia laptopu inaisikia simu kwa nguvu kiasi gani. Haikuambii ni wangapi wengine wanaongea kwenye chaneli hiyohiyo. Ni kama kukaa mkutanoni jirani na msemaji: unamsikia vizuri, lakini bado anangoja zamu yake. Waifai inafanya kazi kwa zamu, kifaa kimoja kikirusha kwenye chaneli, vingine vinavyokisikia vinanyamaza.

Na kwenye GHz 2.4 nafasi ni ndogo. Chaneli zina namba 1 mpaka 13, lakini zimepandana, kwa hiyo zisizogusana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Hosteli nzima yenu, kila mtu na hotspoti yake, mnagawana hizo tatu. Bonyeza kwanza alama ya Waifai ili laptopu itafute mitandao upya, kisha andika hii ujionee:

```
netsh wlan show networks mode=bssid
```

Ongeza na vipokea sauti vya Bluetooth, navyo vinatumia hewa hiyohiyo ya 2.4. Kama unavitumia kwenye Zoom, laptopu yako inagawanya muda kati ya sauti na Waifai.

Sasa tazama hizo namba zako. 72 ni kasi ambayo redio mbili zimekubaliana, si spidi ya intaneti. Unachopata kweli ni kama nusu yake, yaani 35 hivi. Mnara unakupa 22. Kwa hiyo 2.4 ingekutosha kabisa kama hewa ingekuwa tupu! Hukuhitaji 433, ulihitaji kutoka kwenye msongamano. Ndiyo maana sipendi mtu akiambiwa tu kwamba 5 ina kasi zaidi. Kwa mwalimu wa Kisoro kasi hiyo haina kazi, hewa yake ni tupu na anachohitaji ni kupenya kuta. Yuko sahihi kwake, nawe uko sahihi kwako.

Ila mwalimu, kama una waya mrefu wa USB, siku moja jaribu kukaa karibu na dirisha.

Kijana_wa_Ntinda

Na la bando je? Mbona hakuna aliyelijibu?

MamaWawili_Mbale

Nitalijibu mimi, maana lilinipata. Masafa yenyewe hayaongezi data, faili la MB 100 ni MB 100 popote. Lakini kwenye 2.4 iliyosongamana YouTube ilikuwa inajishusha yenyewe kwenye picha hafifu, na sasisho za Windows zilikuwa zinatambaa. Njia ilipofunguka, picha ikapanda juu na sasisho zikashuka kwa kasi. Kwa hiyo uliloona ni kweli mwanangu, ila chanzo ni hicho. Fungua mtandao huo kwenye mipangilio ya Waifai ya laptopu, washa `Set as metered connection`, Windows itazuia sasisho nyingi. Na YouTube ichagulie 480p mwenyewe.

Busia_Border

Wakuu, mimi nikichagua 5 hotspoti inapotea kabisa kwenye laptopu. Simu nyingine inaiona. Laptopu imekufa antena?

FundiArua

Si lazima. Andika `netsh wlan show drivers`, tazama `Radio types supported`. Ukiona 802.11b, 802.11g na 802.11n peke yake, bila 802.11a wala 802.11ac, kadi yako ni ya 2.4 tu na hakuna mpangilio utakaoibadilisha. Laptopu nyingi za zamani ziko hivyo. Utabaki na 2.4, au ununue kadi ndogo ya USB yenye masafa yote mawili.

Busia_Border

Ni kweli, ni b, g, n tu. Na za iPhone? Dada yangu anayo, sioni `AP Band`.

MamaWawili_Mbale

Kwenye iPhone 12 na za baada yake fungua `Personal Hotspot`, kuna `Maximize Compatibility`. Ikiwashwa, inarusha 2.4. Kwa laptopu yako iwashe.

Nalubaale_J (Jinja)

Nimeelewa tofauti, asante fundi. Lakini kwa nini asitumie waya tu? Waya wa USB, `USB tethering`, hakuna 2.4 wala 5, na simu inachaji humohumo.

FundiArua

Mezani, waya unashinda yote mawili, sibishani. Angalia tu uwe waya wa data, maana kuna nyaya za kuchaji tu na hizo laptopu haitaona kitu. Na umeme ukipotea, simu itainyonya betri ya laptopu.

DadaKikoni (Kampala)

Wangu ni wa kuchaji tu, nimejaribu sasa hivi. Basi nabaki 5 kwa hapa hosteli, na nikienda nyumbani nitapima upya kwa ping. Jambo moja: baada ya darasa la saa moja kwenye 5 simu ilikuwa ya moto kuliko kawaida. Ni masafa au ni Zoom?

MwalimuKisoro

Yangu inapata moto hata kwenye 2.4, mtandao wa mnara ukiwa hafifu. Nadhani inatumia nguvu nyingi kuufikia mnara.

Kijana_wa_Ntinda

Yangu ni 5 tu ndiyo inaichemsha, na mnara uko jirani kabisa.

FundiArua

Hapo inategemea simu na simu, sitasema moja kwa wote. Dada, itoe kwenye kava, usiichaji wakati wa darasa, na kesho saa hiyohiyo rudia darasa kwenye 2.4 ulinganishe asilimia ya betri. Utuletee.